Kudai malipo kwa hatua kwenye ujenzi wa nyumba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa sana na makandarasi wadogo na mafundi wakuu wanaojenga nyumba za watu binafsi Tanzania, na wakati mwingine huulizwa na wenye nyumba wenyewe. Mfano ni mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho: nyumba ya vyumba vitatu Kibaha, mkataba wa shilingi 90,000,000, vifaa na ufundi juu ya mkandarasi. Mwenye nyumba anafanya kazi Maskati, na dada yake anaishi jirani na saiti. Kiasi chote ni bila VAT, isipokuwa pale nilipoitaja.

## Misingi

1. Kudai kwa hatua maana yake nini, na kuna tofauti gani na kudai kila mwisho wa mwezi?

Ukidai kila mwezi, mtu anapima kazi iliyofanyika mwezi huo na kuithaminisha. Kwenye miradi mikubwa kazi hiyo ni ya mkadiriaji majenzi na mhandisi mshauri, na cheti chao cha malipo ndicho kinachomfanya mwajiri alipe. Kwenye nyumba ya mtu binafsi mara nyingi hao hawapo. Kwa hiyo mnakubaliana mapema kwamba msingi ukikamilika ni kiasi fulani, boma ni kiasi fulani, paa ni kiasi fulani. Hakuna anayepima asilimia ya kazi: hatua imefikiwa au haijafikiwa.

Ubishi wa asilimia unaondoka, lakini unabaki ubishi mwingine: nani anasema hatua imefikiwa, na kwa kuangalia nini? Karibu maswali yote yaliyobaki hapa yanazunguka hapo.

2. Hatua zigawanywe vipi?

Kwa nyumba yetu mgawanyo ni huu:

- Hatua ya 1, msingi hadi jamvi: 18,000,000
- Hatua ya 2, kuta hadi juu ya linta: 18,000,000
- Hatua ya 3, paa: 22,500,000
- Hatua ya 4, plasta na mifumo ya umeme na maji ndani ya kuta: 13,500,000
- Hatua ya 5, umaliziaji na makabidhiano: 18,000,000

Kipimo changu ni hiki: wewe mkandarasi una uwezo wa kuibeba hatua hiyo mfukoni hadi mwisho wake? Hatua ya paa ndiyo huwa inaua watu, maana mbao na bati hununuliwa karibu zote kwa mkupuo. Kama huna mtaji huo, igawe kwenye mkataba: 3A, kenchi zote zimesimama na kufungwa, 3B, bati na kofia zimepigwa. Usisubiri kuomba "kitu kidogo cha bati" katikati ya kazi. Hapo hudai tena haki yako, unaomba msaada, na mwenye nyumba ana haki ya kukataa.

3. Malipo ya awali na fedha ya zuio vinaingiaje?

Malipo ya awali ni mkopo wa kuanzia kazi. Mteja ametoa asilimia 10, yaani 9,000,000, nawe unamrudishia kwa kukatwa asilimia 10 kwenye kila hatua. Wengi huisahau sehemu hii ya kurudisha, kisha hatua ya tano wanashangaa hesabu ya mteja imekuwa tofauti na yao.

Fedha ya zuio ni asilimia 5 ambayo mteja anaibakiza kwenye kila hatua kwa ajili ya kasoro. Mwisho wa kazi itakuwa imefika 4,500,000. Katika mkataba huu nusu inarudi siku ya makabidhiano, na nusu baada ya miezi sita, kasoro zilizoorodheshwa zikiwa zimerekebishwa. Andika hiyo miezi sita inahesabiwa tangu lini. "Baada ya muda wa matazamio" bila tarehe ya kuanzia ni kualika kesi.

## Kuiandika hatua yenyewe

4. Kwenye mkataba nimeandika "boma likikamilika". Inatosha?

Haitoshi, na nasema hivyo kwa kuwa iliwahi kunigharimu siku 19 za kulumbana. Kwangu boma lilikuwa kuta hadi linta na kozi chache juu yake. Kwa mteja boma lilikuwa kila kitu kinachobaki mpaka mtu wa bati aitwe, zikiwemo kuta za pembetatu zinazobeba paa. Sote wawili tulikuwa wakweli. Neno ndilo lilikuwa pana.

Iandike hatua kwa vitu ambavyo mtu akisimama saiti anaweza kuvinyooshea kidole au kuvipima kwa futi. Hatua ya 2 ya nyumba yetu inasomeka hivi:

> Hatua ya 2 imefikiwa pale ambapo: (a) kuta zote za nje na za ndani zinazoonyeshwa kwenye ramani zimejengwa hadi usawa wa linta, (b) zege la linta limemwagwa mzunguko mzima na mbao za pembeni zimefunguliwa, (c) kozi 3 za tofali zimejengwa juu ya linta. Kuta za pembetatu za kubeba paa hazimo katika hatua hii. Zimo katika Hatua ya 3.

Sentensi ya mwisho, ile ya "hazimo", ina faida kuliko zote tatu za kwanza. Kila hatua ina kitu kimoja ambacho mteja atadhani kimo. Kitafute mapema ukiandike.

Na kile kipande cha mbao kufunguliwa sikukiweka kwa urembo. Zege lililomwagwa vibaya, lenye mapango na kokoto wazi, huonekana mbao zikitoka. Mteja anayekubali linta ikiwa bado imevaa mbao amekubali asichokiona.

5. Vipi kazi inayofunikwa, kama nondo za msingi?

Hiyo haiwezi kusubiri mwisho wa hatua, maana siku ya kuikagua jamvi litakuwa limeshalala juu yake. Weka kituo cha ukaguzi katikati ya hatua: zege halimwagwi mpaka nondo zikaguliwe. Kituo hiki hakina ankara, kina saini tu.

Kwa mteja aliye Maskati inafanyika kwa picha. Piga kila kona ya mkanda, futi ikiwa imelazwa juu ya nondo ili nafasi kati ya ringi na ringi isomeke, kisha picha moja ya mbali inayoonyesha kona hiyo iko upande gani wa kiwanja. Picha za karibu peke yake hazimsaidii mtu. Nondo zote duniani zinafanana. Tuma na ujumbe: "Nondo za mkanda ziko tayari kukaguliwa. Zege limepangwa Alhamisi saa 2 asubuhi. Naomba jibu la 'endelea' au marekebisho kabla ya Jumatano saa 12 jioni."

6. Naweza kuifunga hatua na tarehe badala ya kazi?

Mteja hapaswi kuikubali, na wewe pia itakuumiza. Ukiandika "malipo ya tatu ni tarehe 30 Juni", mvua ikakuchelewesha, utapokea fedha ya kazi usiyoifanya, kisha kila simu yake itaanza na swali la fedha zilikwenda wapi. Tarehe iweke kwenye ratiba ya kazi, isiwe kwenye malipo.

7. Hatua ya mwisho iwe "umeme umewaka"?

Hapana. Kuunganishwa na TANESCO hakuko mikononi mwako. Unaweza kumaliza nyaya, soketi na taa zote, ukakaa wiki kadhaa ukisubiri mita huku 18,000,000 zimelala. Andika: "mfumo wa umeme umekamilika na kupimwa, uko tayari kuunganishwa". Kanuni ni hiyohiyo kwa maji ya mamlaka, kibali cha halmashauri, na marumaru ambazo mteja amesema atazinunua mwenyewe. Kitu kinachomtegemea mtu mwingine kisiwe kufuli la fedha yako.

## Idhini inayofungua ankara

8. Nani anatoa idhini?

Mtu mmoja, aliyetajwa kwa jina kwenye mkataba, pamoja na wa kushika nafasi yake akikosekana. Kwenye nyumba yetu ni mwenye nyumba mwenyewe. Akishindwa kupatikana kwa siku tatu, ni dada yake.

Bila hivyo utapata idhini nyingi zisizo na nguvu. Mama mzazi atapita saiti, utamwamkia shikamoo, atazunguka chumba kwa chumba na kusema, "Mwanangu, mmejitahidi, Mungu awabariki." Pokea baraka. Usiandike ankara kwa baraka.

9. Ombi la idhini liandikwe vipi?

Lirudie maneno ya mkataba herufi kwa herufi, kisha lioneshe kila kipande kimefikiwaje. Hili ndilo nililowahi kuliona likiokoa fedha nyingi kuliko kifungu chochote cha sheria: mkataba, ombi la idhini na ankara vitumie sentensi ileile. Ukianza kubadilisha maneno ("boma" hapa, "kuta" pale, "kazi ya tofali" kwingine) mteja anayetaka kuchelewesha anapata mlango wa kuuliza kama ni kitu kimoja.

> Kaka, salaam. Hatua ya 2 imefikiwa leo tarehe 14.
> (a) Kuta zote za nje na za ndani zimefika usawa wa linta: picha 1 hadi 9.
> (b) Zege la linta limemwagwa mzunguko mzima, mbao zimefunguliwa tarehe 12: picha 10 hadi 16.
> (c) Kozi 3 juu ya linta zimejengwa: picha 17 hadi 20.
> Naomba ukague, au dada afike saiti, na unijibu ndani ya siku 5 za kazi kwa moja ya majibu haya: "Nakubali Hatua ya 2", au "Nakubali Hatua ya 2 isipokuwa..." ukitaja kipande na kasoro, au "Sikubali kwa sababu..." ukitaja kipande.

Kumpa majibu matatu kunamrahisishia kazi. Mtu akiulizwa "unaonaje?" atatoa maoni, akipewa majibu ya kuchagua atatoa uamuzi.

10. Amejibu WhatsApp "safi sana" na dole gumba. Ni idhini hiyo?

Ujumbe wa simu wenyewe si tatizo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazitambua kumbukumbu za kielektroniki, na mkataba wako unaweza kutamka kwamba idhini kwa WhatsApp kutoka namba fulani inatosha. Tatizo ni maneno. "Safi sana" inaweza kuwa pongezi kwa picha nzuri. Mjibu papo hapo: "Ahsante kaka. Ili niandike ankara, naomba uniandikie 'Nakubali Hatua ya 2'." Anayekubali kweli ataandika. Anayesita atakwambia kinachomsumbua, na ni afadhali ukisikie leo.

11. Asipojibu kabisa?

Hapa ndipo kifungu cha ukimya kinapohitajika, na lazima kiwe kwenye mkataba tangu mwanzo:

> Mteja asipotoa jibu la maandishi ndani ya siku 5 za kazi tangu kupokea ombi la idhini pamoja na picha, Mkandarasi atamkumbusha kwa maandishi. Zikipita siku 2 nyingine za kazi bila jibu, hatua itahesabiwa imekubaliwa.

Usiruke ukumbusho. Mteja aliyekuwa hospitali au safarini akikuta ankara ya mamilioni imetokana na ukimya wake, atakulipa kwa shingo upande na hatakupa kazi nyingine. Kwa kulinganisha, mikataba ya kimataifa ya ujenzi ya FIDIC, Kitabu Chekundu cha 1999, humpa mhandisi siku 28 tangu apokee madai kutoa cheti cha malipo, na mwajiri siku 56 tangu mhandisi apokee madai hayo kulipa. Nyumba ya vyumba vitatu haiwezi kungoja hivyo, lakini mantiki ni moja: kila mtu ana saa yake.

12. Akikubali hatua, amesamehe kasoro zake?

Hapana. Kukubali hatua maana yake ni kwamba kilichoandikwa kinaonekana kimefanyika, hivyo ankara ifunguke. Ufa ukitokea baadaye bado ni wako, na ndiyo maana ya zuio (swali la 3). Liandike kwenye mkataba kwa sentensi moja; mteja akijua hilo huacha kuogopa kutia saini, na wewe unalipwa haraka.

## Ankara

13. Ankara ya hatua iandikwe nini?

Ankara, au invoisi kama wengi tunavyosema, iwe na mambo manne ambayo ankara ya dukani haina: hatua gani, idhini ilitolewa lini na nani, makato, na mabaki ya malipo ya awali na zuio hadi leo. Hii ni ya hatua ya kwanza:

> ANKARA Na. KB-01
> Mkataba: ujenzi wa nyumba ya vyumba vitatu, Kibaha
> Hatua ya 1: zege la mkanda limemwagwa mzunguko mzima, kifusi kimeshindiliwa, na jamvi la unene wa sentimita 10 limemwagwa vyumba vyote.
> Idhini: Mteja, kwa WhatsApp, tarehe 3 Machi
>
> Thamani ya hatua: 18,000,000
> Kurejesha malipo ya awali, 10%: (1,800,000)
> Fedha ya zuio, 5%: (900,000)
> Kinachodaiwa sasa: 15,300,000
>
> Malipo ya awali yaliyobaki kurejeshwa: 7,200,000
> Zuio lililoshikiliwa hadi sasa: 900,000
> Kulipwa ndani ya siku 7 tangu tarehe ya ankara hii.

Mistari ya chini ya mabaki ni midogo lakini inafunga mjadala wa hatua ya tano kabla haujaanza. Usiandike "Malipo ya kazi ya ujenzi" peke yake. Anayehamisha fedha kutoka nje huenda benki yake ikamuuliza fedha ni ya nini, na maelezo kama haya yanamjibia.

14. Niitume ankara pamoja na ombi la idhini, ili kuokoa muda?

Kama umesajiliwa VAT, usifanye hivyo. Tanzania Bara kodi huanza kudaiwa ankara inapotolewa, malipo yanapopokelewa au huduma inapotolewa, lolote litakalotangulia, na ritani ya mwezi hutakiwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ankara ya 15,300,000 kwa asilimia 18 inabeba VAT ya 2,754,000. Ukiitoa tarehe 28 na mteja akakataa hatua, unaweza kujikuta umeitangaza kodi ya fedha ambayo haijaja. Tuma ombi la idhini kwanza (swali la 9). Likihitaji namba, weka makadirio ya kiasi ndani yake na uandike wazi kwamba hiyo si ankara ya kodi.

Ambaye hajasajiliwa VAT hana tatizo hilo, lakini mpangilio ni uleule: ankara inayotangulia idhini inafundisha mteja kuzipuuza ankara zako. Na ankara si risiti. Fedha ikiingia, toa risiti ya EFD.

## Mambo yakienda kombo

15. Amekubali paa lote isipokuwa ubao wa pembezoni mwa paa, upande wa nyuma. Nidai nini?

Dai kilichokubaliwa. Kitie thamani kilichobaki, mkubaliane kwa maandishi, kisha kitoe juu kabisa kabla ya makato. Tuseme ubao huo, kununua na kupiga, ni 350,000:

Thamani ya hatua 22,500,000 kutoa 350,000 inabaki 22,150,000. Makato ya malipo ya awali ni 2,215,000 na zuio 1,107,500. Kinachodaiwa sasa ni 18,827,500.

Ubao ukipigwa unaandika ankara ndogo KB-03/2 ya 350,000 kwa makato yaleyale. Kosa la kawaida ni kutoa 350,000 chini, baada ya makato; hapo unarejesha malipo ya awali ya kazi ambayo hujalipwa. Kosa lingine, hili la wateja, ni kushikilia milioni 22 kwa ajili ya ubao mmoja. Kifungu cha "isipokuwa" kwenye mkataba ndicho kinachozuia hilo.

16. Ameongeza baraza katikati ya kazi. Naiweka kwenye hatua gani?

Usiiweke kwenye hatua yoyote. Ipe karatasi yake: maelezo, bei, siku zinazoongezeka, "nakubali" yake kabla hujachimba, na ankara yenye mfululizo wake, mfano KB-Z1. Ukiichanganya na hatua ya 4, basi hatua ya 4 haikamiliki mpaka baraza iishe, na umejifungia fedha yako mwenyewe.

17. Ankara imepita siku zake. Nisimamishe kazi?

Kama mkataba unakuruhusu, na baada ya notisi. FIDIC ya 1999 hutaka notisi ya siku zisizopungua 21. Kwa kazi ya ukubwa huu siku 7 zinatosha. Notisi itaje namba ya ankara, tarehe ya idhini na siku ambayo mafundi wataondoka. Ukisimamisha kimyakimya kwa kupunguza mafundi kutoka wanane hadi wawili, mteja atasema umechelewa, na kumbukumbu zitamuunga mkono.

18. Mradi umesimama katikati ya hatua kwa sababu fedha za mteja zimekwisha. Sina idhini, nadai vipi?

Hapa ndipo kudai kwa hatua kunapofika mwisho wake, kwa sababu hatua haikufikiwa na huenda isifikiwe. Mkataba uwe umesema kwamba kazi ikisimamishwa na mteja kwa zaidi ya siku 30, kazi iliyofanyika itapimwa kwa bei za jedwali la vifaa na ufundi. Kwa hiyo hata kwenye mkataba wa hatua, weka jedwali hilo nyuma: bei ya tofali moja iliyojengwa, ya mita moja ya mkanda, ya mita moja ya mraba ya plasta.

Siku ya kusimama, pimeni pamoja na dada yake. Hesabuni tofali zilizojengwa, mifuko ya saruji iliyobaki stoo na nondo ambazo hazijakatwa, piga picha, nyote wawili mtie saini karatasi ileile. Kisha toa ankara ya "kazi iliyopimwa, Hatua ya 4 ambayo haijakamilika". Malipo ya awali ambayo hayajarejeshwa yatakatwa yote hapo, kwa hiyo usishangae ankara ikitoka ndogo. Mfano: umesimama baada ya Hatua ya 3, plasta iliyopimwa ni 5,000,000. Malipo ya awali yaliyorejeshwa hadi hapo ni 5,850,000, yamebaki 3,150,000. Zuio la asilimia 5 ni 250,000. Unachodai ni 1,600,000.